Wosia Andishi Nchini Kenya: Sheria, Lugha na Chanzo cha Mizozo ya Urithi

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno wosia lina maana mbili zinazokaribiana. Maana ya kwanza ni nasaha anazoachiwa mtu na mzazi au mkubwa wake, na ndiyo inayofahamika sana kwa wanafunzi wa fasihi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni wosia wa mama kwa bintiye kwa maana hiyo. Maana ya pili ni kauli au hati inayoeleza jinsi mali ya mtu itakavyogawanywa baada ya kifo chake. Mtoa nasaha anaweza kusema kwa mafumbo na kumwachia msikilizaji afasiri. Mwandishi wa hati ya mali hana nafasi hiyo, kwa sababu siku maneno yake yatakapobishaniwa hatakuwapo kuyafafanua.

Makala haya yanachunguza wosia wa maana ya pili kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, Sura ya 160 ya Sheria za Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yanashughulikia mambo matatu: namna wosia unavyotiwa sahihi, namna warithi wanavyotajwa, na mali ambayo wosia hauifikii. Ikumbukwe kwamba mirathi ya Waislamu hufuata sheria ya Kiislamu, na mashauri yake huweza kusikizwa na Mahakama ya Kadhi. Kwa mujibu wa sheria hiyo, wasia hauzidi thuluthi moja ya mali, wala haumwongezei mrithi fungu lake pasi na ridhaa ya warithi wengine.

Kauli ya kitandani na hati ya maandishi

Jamii nyingi za Kenya huheshimu sana kauli ya mwisho ya mzee. Sheria nayo inautambua wosia wa mdomo, lakini kwa masharti makali. Lazima utolewe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mtoaji afariki katika muda wa miezi mitatu tangu autoe. Mzee akipata nafuu na kuishi miezi minne, kauli yake haina nguvu tena, isipokuwa kwa askari aliye katika huduma ya vita na wengine wachache wa aina hiyo. Aidha, kauli ya mdomo haiwezi kupinga wosia wa maandishi ambao haujafutwa. Mashahidi wakihitilafiana kuhusu yaliyosemwa, kinachokubalika ni kile tu kinachothibitishwa na shahidi asiye na maslahi katika mali hiyo.

Wosia wa maandishi una masharti machache kuliko watu wanavyodhani. Mwenye mali awe mtu mzima mwenye akili timamu, na aandike kwa hiari. Atie sahihi au alama yake, au mtu mwingine amtilie mbele yake na kwa agizo lake. Mashahidi wasiopungua wawili wamwone akitia sahihi, au awakirie kwamba sahihi hiyo ni yake, kisha kila mmoja atie sahihi yake mbele ya mwenye wosia. Si lazima mashahidi hao wawepo wote kwa wakati mmoja, wala si lazima wajue yaliyomo. Sheria haidai muhuri, fomu maalumu wala lugha fulani. Wosia ulioandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi ya daftari ni halali ukitimiza masharti hayo.

Mfano wa mwalimu mstaafu

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu mstaafu, mjane, katika Kaunti ya Kakamega. Ana watoto watatu: kifungua mimba ambaye ni binti aliyeolewa, mwana wa kiume wa pili, na binti kitinda mimba aliye chuoni. Mali yake ni shamba la ekari 3, kiwanja mjini, ng'ombe wanne, na akiba katika chama cha akiba na mikopo cha walimu. Anaandika wosia wenye sentensi nne: "Shamba langu nampa mwanangu wa kiume. Kiwanja cha mjini nampa kitinda mimba. Ng'ombe wangu nampa ndugu yangu. Akiba yangu ya chama ilipe karo ya kitinda mimba." Anautia sahihi mbele ya mashahidi wawili, ambao ni jirani yake na mke wa mwanawe, kisha wote wawili wanatia sahihi mbele yake.

Kwa umbo lake, hati hii ni wosia halali. Hata hivyo, karibu kila sentensi yake ina kasoro.

Kasoro ya kwanza ni ya ushahidi. Sheria inasema kwamba zawadi iliyoachiwa shahidi wa wosia, au mume au mke wa shahidi huyo, ni batili, isipokuwa kama kuna mashahidi wengine wawili huru. Kwa kuwa mkewe ndiye aliyeshuhudia, mwana wa kiume anapoteza shamba. Wosia haukutaja aliyepaswa kupata mali iliyobaki, kwa hiyo shamba hilo linagawanywa kana kwamba baba hakuacha wosia wowote. Mzazi asiye na mwenzi aliye hai akifa bila wosia, watoto wake hurithi sawa kwa sawa. Kila mmoja atapata ekari 1, akiwemo binti aliyeolewa. Ndoa ya binti haimpunguzii haki yake. Mahakama ya Rufani iliukataa ubaguzi wa aina hiyo mwaka 2005 katika kesi ya Rono. Sahihi moja iliyowekwa pasipostahili imetosha kuyapindua makusudio yote ya baba.

Kasoro ya pili ni ya lugha. Neno ndugu huweza kumaanisha kaka, dada, binamu, hata mtu wa ukoo au dhehebu moja. Kama mwalimu ana ndugu watano, yupi aliyekusudiwa? Tazama pia maneno "ng'ombe wangu". Upatanisho wa kisarufi wa nomino za viumbe hai hautofautishi hapa umoja na wingi, kwa kuwa ng'ombe mmoja ni wangu na ng'ombe wanne ni wangu vilevile. Mpokeaji atadai wote wanne, na watoto watasema baba alikusudia mmoja. Maneno mtoto, mama na nyumba yana hatari kama hiyo. Mama huweza kuwa mzazi au mama mdogo, na katika ndoa ya wake wengi nyumba huweza kuwa jengo au mke pamoja na watoto wake. Dawa yake ni kumtaja kila mrithi kwa majina yake kamili, nambari ya kitambulisho na uhusiano wake na mwenye mali. Kuitaja ardhi kwa nambari iliyo katika hatimiliki. Na kueleza idadi kwa tarakimu na maneno.

Kasoro ya tatu ni kwamba wosia umegusa mali isiyopitia kwenye wosia. Mwalimu alipojiunga na chama cha akiba miaka thelathini iliyopita, kabla hajaoa, alijaza fomu na kumteua kaka yake kuwa mpokeaji. Fomu hiyo haijabadilishwa. Chama kitaifuata, na karo ya kitinda mimba itategemea huruma ya ami yake. Mafao ya mpango wa pensheni nayo hayahesabiwi kuwa sehemu ya mali ya marehemu. Wadhamini huyalipa kwa kufuata kanuni za mpango wenyewe. Vilevile, ardhi inayomilikiwa na watu wawili kwa umiliki wa pamoja usiogawika humwendea aliyebaki hai, wosia useme utakavyosema. Kwa hiyo kabla ya kuandika wosia, mwenye mali anapaswa kupitia upya fomu zote za uteuzi na kuangalia namna majina yalivyoandikwa kwenye hatimiliki.

Aliyeachwa nje ya wosia

Hata kama wosia wa mwalimu ungekuwa na mashahidi wanaofaa, kifungua mimba hakutajwa. Sheria inampa mwenye mali uhuru wa kugawa apendavyo, lakini inauwekea uhuru huo mpaka. Mwenzi wa ndoa na watoto, wawe walikuwa wakitunzwa na marehemu au la, wanaweza kuiomba mahakama iwatengee fungu linalofaa. Wazazi, wajukuu, ndugu na wengineo wanaotajwa na sheria wanaweza kuomba pia iwapo marehemu alikuwa akiwatunza hadi kifo chake. Ombi hilo haliwezi kuletwa baada ya mahakama kuidhinisha ugawaji wa mwisho.

Katika kuamua, mahakama huangalia ukubwa wa mali, mahitaji ya mwombaji, alichopewa mwombaji na marehemu alipokuwa hai, na sababu za marehemu kutomtengea fungu. Hapa ndipo sentensi moja ya ziada inapoweza kuiokoa familia. Kama mwalimu alimnunulia binti yake kiwanja mwaka 2015, aandike hivyo na kukitaja kiwanja chenyewe. Kimya husomwa na watoto kama chuki, na huiacha mahakama bila sababu ya kupima. Mzozo wa mali ya aliyekuwa waziri Mbiyu Koinange, aliyefariki mwaka 1981, ulidumu mahakamani kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa yaliyobishaniwa ni nani waliostahili kuhesabiwa kuwa wajane wake.

Kuurekebisha wosia

Wosia wa mwalimu ungesimama imara kwa mabadiliko machache. Mashahidi wangekuwa watu wawili wasiopewa chochote na wasio na ndoa na anayepewa. Kwa kila mrithi kungetajwa mbadala, endapo mrithi huyo atatangulia kufa. Sentensi ya mwisho ingesema nani atapokea mali yoyote isiyotajwa. Kungeteuliwa pia wasii, yaani msimamizi wa wosia, pamoja na mtu wa kushika nafasi yake. Wasii ndiye atakayepeleka wosia halisi mahakamani, kulipa madeni na kugawa mali. Mwana au binti anaweza kuwa wasii. Kuwa mrithi hakumzuii. Mtu mwingine akiishika mali ya marehemu na kuiuza pasi na idhini ya sheria, hilo ni kosa la jinai, hata akiwa mtoto wake mwenyewe.

Kama mwalimu ni mzee sana au mgonjwa, barua ya daktari ya tarehe ileile itafaa. Sheria humchukulia mtu kuwa na akili timamu hadi anayepinga athibitishe vinginevyo, lakini barua hiyo humpunguzia mpinzani hoja. Baada ya kutia sahihi, asikate wala kuongeza neno kwa kalamu. Badiliko lisilotiwa sahihi na kushuhudiwa kama wosia wenyewe halina nguvu. Na akioa tena, ajue kwamba ndoa mpya huufuta wosia wa zamani, isipokuwa kama wosia huo ulieleza wazi kwamba uliandikwa kwa kutarajia ndoa na mtu aliyetajwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba wosia wa mwalimu haukuharibiwa na ulafi wa warithi. Uliharibiwa na shahidi asiyefaa, nomino zenye maana zaidi ya moja, na fomu iliyosahauliwa. Kasoro mbili kati ya hizo zinahitaji maarifa ya sheria. Ile ya lugha inaweza kugunduliwa na msomaji yeyote makini wa Kiswahili atakayeombwa kuupitia wosia kabla haujatiwa sahihi, mradi kwa kila nomino aulize: ni yupi, ni upi, na ni wangapi?