Kilichotoka Huku Lazima Kiingie Kule

Tarehe 2 Desemba 1959, saa tatu usiku ikiwa imepita, bwawa la Malpasset kusini mwa Ufaransa lilipasuka. Maji yaliteremka bonde la mto Reyran hadi mji wa Fréjus na kuua watu zaidi ya 420. Transfoma za umeme zilizokuwa bondeni zilizimika moja baada ya nyingine mafuriko yalipozifikia, na nyakati za kuzimika kwake zikajulikana. Kwa sababu hiyo, hadi leo wahandisi huzijaribu programu zao za mafuriko kwa janga hilo: je, programu inayafikisha maji kwenye kila transfoma kwa wakati wake?

Jibu hutegemea sana namna programu inavyohesabu kinachovuka mipaka. Katika mbinu ya ujazo kikomo, bonde hukatwa vipande vidogo viitwavyo seli, na kompyuta hutunza wastani wa kilichomo katika kila seli. Kisha hutazama kila mpaka kati ya seli mbili na kukadiria mtiririko, yaani kiasi kinachovuka kwa sekunde. Kiasi hicho hukokotolewa mara moja tu. Hupunguzwa seli ya huku na kuongezwa seli ya kule, kama mhasibu anayeandika fedha iliyotoka tawi moja kuwa imeingia tawi jingine. Ukijumlisha seli zote, mitiririko ya ndani hufutana. Jumla hubadilika tu kwa kilichoingia au kutoka kwenye kingo za nje.

Tutazame kwa karibu hesabu ndogo ambayo wanafunzi wengi wa fani hii huanza nayo, mlinganyo wa Burgers. Ndani yake, kasi hujisafirisha yenyewe, na mtiririko ni nusu ya kasi kipeo cha pili. Chukua seli nne zenye upana wa mita 1, zenye thamani 1, 1, 0, 0. Upande wa kushoto kasi ya 1 inaendelea kuingia. Mtiririko unaoingia ni nusu kwa kila sekunde, na kila mita ya njia huhitaji 1 ili ijae. Basi ukingo wa wimbi lazima usonge nusu mita kwa sekunde.

Sasa tupige hatua ya nusu sekunde. Mpaka kati ya seli ya pili na ya tatu hupitisha 0.5 × 0.5, yaani 0.25. Seli ya tatu inapata 0.25 hiyo, na ya pili inabaki 1 kwa kuwa ilichotoa imekipokea kutoka kushoto. Hatua ya pili ikiisha, seli ya tatu ina takriban 0.484 na ya nne 0.016. Jumla ilianza 2, ikawa 2.25, sasa ni 2.5, sawasawa na kilichoingia.

Mwingine anaweza kuiandika hesabu hiyo hiyo kwa njia inayoonekana rahisi zaidi: badiliko la seli ni kasi yake mara tofauti kati yake na jirani wa kushoto. Pale kasi inapobadilika polepole, njia hizi mbili hukubaliana. Kwenye ukingo wa wimbi zinaachana. Seli ya tatu ina kasi 0, na sifuri mara chochote ni sifuri. Seli ya pili haitofautiani na jirani yake, kwa hiyo nayo haibadiliki. Wimbi linasimama palepale milele, huku kitu kikiingia kushoto na kupotea bila kuonekana popote.

Ubaya wake ni kwamba hakuna kinachopiga kelele. Programu haikwami na mchoro wake ni safi. Hata ukizigawa seli hizo ziwe elfu, wimbi halitasogea. Peter Lax na Burton Wendroff walionyesha mwaka 1960 kwa nini uhifadhi ni kinga: mbinu inayohifadhi, ikiwa majibu yake yanakaribia kitu fulani kadiri seli zinavyopungua ukubwa, basi kitu hicho hutii sheria ya uhifadhi hata kwenye mruko wa ghafla.

Hata hivyo, kinga hiyo haitoshi peke yake. Ile 0.484 na 0.016 zinaonyesha kwamba ukingo uliopaswa kuwa mkali umesambaa. Hatua ya muda ikizidi, wimbi likaruka zaidi ya seli moja kwa mpigo, hesabu hulipuka ingawa kila mpaka umeandikwa sawa. Mipo pia miruko inayohifadhi jumla lakini haitokei katika maumbile, na mbinu nzuri lazima iikatae.

Kwa anayeandika programu, kosa la kulinda zaidi ni kuacha kila seli ijikokotolee mtiririko wa mpaka wake. Majirani wawili wakipata namba mbili tofauti, maji huzaliwa au hupotea kati yao. Pitia mipaka, siyo seli. Kisha, kila baada ya hatua, jumlisha seli zote na ulinganishe na kilichopita kingoni. Tofauti ikizidi makosa madogo ya tarakimu za kompyuta, usiiamini saa ya kufika kwa mafuriko inayotolewa na programu hiyo.