Ufunguo ukigoma kwenye swichi, shughulika kwanza na usukani

Jumamosi moja asubuhi, kwenye mteremko wa Isamilo jijini Mwanza, nilirudi kwenye gari nikakuta ufunguo unaingia vizuri lakini hauzunguki. Usukani nao ulikuwa mgumu kama umechomelewa. Nikakaza mkono. Ufunguo ukasogea kidogo sana, labda unene wa punje ya mchele, kisha ukasimama. Nikajaribu kuuchomoa, haukutoka. Nikakaza tena, mpaka chuma kikaanza kuniumiza vidole. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria pale jirani akaniuliza kama anikimbilie plaizi.

Kabla sijamjibu, mzee mmoja fundi magari aliyekuwa akipita akasimama dirishani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu toa kwanza mkono kwenye huo ufunguo."

Nikautoa. Akazunguka mbele ya gari, akatazama tairi la kushoto, akarudi.

"Ufunguo wako hauna shida," akasema. "Gari limeuegemea usukani."

Nimeyaelewa maneno yale vizuri zaidi baada ya kuona swichi ya namna hiyo ikiwa imefunguliwa mezani. Ndani yake kuna komeo la chuma, nene kama kidole kidogo, linalosukumwa na springi. Ukichomoa ufunguo, komeo hilo huachiwa, na usukani ukizungushwa kidogo hutumbukia kwenye mfuo uliochongwa kwenye shafti ya usukani. Ukirudisha ufunguo na kuuzungusha, kijisehemu kilicho nyuma ya silinda hulivuta komeo litoke kwenye mfuo. Kazi hiyo haihitaji nguvu, mradi komeo liko huru. Lakini shafti ikiwa inasukuma kuelekea upande mmoja, ukuta wa mfuo hulibana komeo, na ufunguo mwembamba hauwezi kulichomoa. Komeo limeundwa kumshinda mwizi anayevuta usukani kwa mikono miwili, hivyo vidole vyako havitalishinda.

Mimi nilikuwa nimeegesha kama tunavyofundishwa: gari linatazama chini ya mteremko, magurudumu ya mbele nimeyageuza kushoto kuelekea ukingo wa barabara, ili breki ikikosa kushika tairi ligonge ukingo na gari lisimame. Nilichokosea ni kuliacha gari lijilaze kwenye ukingo, nikazima injini na kuchomoa ufunguo. Uzito wa gari ukasukuma tairi kwenye jiwe, na jiwe likarudisha tairi kulia. Shafti nayo ikasukumwa kulia, ikalikandamiza komeo.

Hapa ndipo madereva wengi tunapokosea. Akili inakuambia uuvute usukani kulia, uliondoe tairi kwenye ukingo. Kumbe kulia ndiko shafti inakosukuma tayari, na kila unapovuta huko unazidi kulibana komeo. Mzee aliniagiza niuvute kushoto, kuelekea ukingo wenyewe.

Lakini kwanza alinitaka niurudishe ufunguo mahali pake. Ule unene wa punje ya mchele niliousogeza ndio uliofanya ufunguo usichomoke. Silinda ina vibamba vyembamba vya shaba vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Silinda ikizunguka hata kidogo, vibamba hivyo haviwezi tena kusogea, na meno ya ufunguo yananaswa ndani. Nikausukuma ufunguo ndani hadi mwisho, nikaurudisha taratibu mpaka nikasikia umekaa. Nikauvuta kwa unyoofu, ukatoka. Ulikuwa umeshaanza kupinda shingoni.

Tukaanza upya. Kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa, usukani haukuwa na msaada wowote, na tairi lilikuwa limebanwa na jiwe, hivyo mkono mmoja usingetosha. Mzee akaingiza mikono dirishani, akaushika usukani na kuuvuta kushoto taratibu. Mimi nikaushika ufunguo kwa vidole viwili tu.

"Mimi nikivuta, wewe uguse tu. Usikaze."

Usukani ukakubali kidogo, chini ya upana wa kidole kimoja. Ufunguo bado ukagoma. Mzee akasema amepitiliza, maana ukivuta mno, ukuta wa pili wa mfuo nao unalibana komeo. Akalegeza polepole. Katikati ya kubanwa huku na kubanwa kule, nikasikia mlio mdogo, na ufunguo ukazunguka kwa ulaini ule ule wa siku zote.

Si lazima ukumbuke tairi lilikuwa limeegemea wapi. Jaribu usukani pande zote mbili. Upande ulio mgumu kama ukuta ndiko komeo linakobanwa. Upande unaonesa kidogo ndio wa kuvuta, na ufunguo uuzungushe ukiwa katikati ya kule kunesa. Kwenye tambarare kwa kawaida dereva anaweza kufanya hivyo peke yake, mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye ufunguo.

Ikiwa usukani unacheza kidogo pande zote mbili na ufunguo bado hauzunguki, komeo halina kosa. Tatizo liko kwenye ufunguo au kwenye vibamba. Urudishe nje kwa unene wa kucha, utikise juu na chini huku ukigusa kuzungusha. Jaribu ufunguo wa akiba kama upo. Meno yaliyolika hayainui vibamba kwa kimo chake, na ufunguo uliochongwa kwa kunakili ufunguo uliolika hurithi kasoro ile ile. Usimwage mafuta ya injini ndani ya swichi, kwa sababu yatashika vumbi na kugeuka tope. Sugua penseli laini kwenye meno na ubavu wa ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa. Unga mweusi wa penseli hulainisha bila kunata.

Kuna jambo moja ambalo nadhani kila mwenye gari analihitaji kabla hajashika plaizi. Katika magari mengi ya Kijapani, fundi huitoa silinda kwa kuzungusha ufunguo hadi hatua ya kwanza, kisha kubonyeza pini ndogo iliyo ubavuni mwa swichi. Ufunguo ukikatikia ndani swichi ikiwa bado imefungwa, na kipande kisitoke, pini ile haibonyezeki. Hapo kinachofuata ni kutoboa kwa drili. Na ukivunja kile kijisehemu kinacholivuta komeo, gari linaweza kuwaka huku komeo likibaki na springi yake bila kitu cha uhakika cha kulizuia. Likitumbukia ukiwa barabarani, usukani unajifunga gari likiwa linakwenda. Kwa hiyo hata ufunguo ukikubali baada ya kuvutana nao, zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho kabla ya kuondoka. Ukihisi unakwama popote, usiliendeshe gari hilo. Mwite fundi.

Siku ile niliondoka Isamilo bila kuvunja kitu, nikachonga ufunguo mpya wiki hiyo hiyo. Mteremkoni bado nageuza tairi kuelekea ukingo. Tofauti ni kwamba sasa tairi likigusa tu, navuta breki ya mkono mguu ukiwa bado kwenye breki, naachia mguu taratibu nione kama gari limeshikwa na breki badala ya ukingo, ndipo naweka gia na kuzima. Tangu hapo ufunguo haujagoma tena.