Bango la usalama: mtoto aambiwe afanye nini

Katika madrasa moja ya Miembeni, Manispaa ya Bukoba, limebandikwa bango la usalama wa watoto lenye kanuni tisa. Ya kwanza inasomeka hivi: "Ni marufuku kwa mtoto yeyote kwenda, kuoga au kucheza kandokando ya ziwa au mto pasipo kuambatana na mzazi, mlezi au mtu mzima anayeaminika." Nane zilizosalia zimejengwa vivyo hivyo, na karibu zote huanza kwa "ni marufuku" au "hairuhusiwi". Walimu walituomba tushirikiane nao kuliandika upya kabla halijachapwa tena. Tunaeleza hapa jinsi kazi ilivyokwenda, kwa kuwa maneno ya namna hiyo yamo pia midomoni mwa wazazi.

Kanuni ile haina kosa kwa mtu mzima. Lakini mtoto wa miaka saba anayesoma silabi kwa silabi, na ambaye nyumbani pengine husema Kihaya zaidi, hufika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Anachobaki nacho ni kwenda, kuoga, kucheza, ziwa. Ukiliondoa neno "marufuku", hiyo ni orodha ya mambo anayoyapenda.

Kiswahili chenyewe kina mtego wake. Katazo letu hubebwa na silabi moja ndogo, "si", iliyofichwa ndani ya kitenzi. Mama akipaza sauti ng'ambo ya barabara, "Usikimbie!", na mlio wa bodaboda ukameza mwanzo wa neno, kinachomfikia mwanawe ni "kimbie!" Neno "Simama!" hata likifika nusu haliwi kinyume cha lilivyokusudiwa.

Mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alilichunguza jambo hili katika karne iliyopita. Aliwapa watoto wadogo kipira cha kubinya, akawataka wabinye ionekanapo taa moja na waache ionekanapo nyingine, huku wakijisemea maneno yenyewe. Watoto wa miaka mitatu hivi, walipotamka "usibinye", walibinya. Neno liliusukuma mkono kabla maana yake haijauzuia. Mtoto wa madrasa ni mkubwa kuliko hao, lakini anaposhtuka au anapokimbilia mpira, naye hupungukiwa na nguvu ya kujizuia.

Njia nyingine tunaijua tangu zamani. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.), ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani. Mtume alimwelekeza mambo matatu mafupi: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Kosa lililoonekana lilikuwa mkono kutangatanga, lakini halikutajwa. Mkono ulipewa mahali pa kukaa. Umar mwenyewe alisimulia kwamba tangu hapo ndivyo alivyokuwa akila.

Tukaanza na kanuni ya ziwa, nayo ilitushughulisha kuliko zote. Pendekezo la kwanza lilikuwa "Oga ziwani ukiwa na mtu mzima." Ni amri isiyo na katazo, lakini mtoto akiishia kwenye maneno mawili ya kwanza amepata ruhusa. Pendekezo la pili, "Kuwa makini na maji", lilionekana salama mpaka tulipomwambia mtoto mmoja atuonyeshe umakini. Alisimama wima akatoa macho. Tangu hapo hicho kikawa kipimo chetu: amri ambayo mtoto hawezi kuionyesha kwa mikono na miguu yake haiingii bangoni, hata ikiwa na maneno mazuri namna gani. "Jilinde" na "Zingatia usalama" zikaanguka papo hapo.

Ndipo tukajiuliza ni nini hasa kinachompeleka mtoto majini. Hutumwa maji, hufuata wenzake, au mpira wake huangukia Mto Kanoni. Kanuni ikagawanyika mara mbili: "Ziwani, shika mkono wa mkubwa" na "Mpira ukiingia majini, mwite mkubwa." Ya kwanza haimfai kijana wa miaka kumi na mitatu, ambaye hatashika mkono wa mtu. Kwake yeye bango hili si mahali pake, na ni heri walimu wazungumze naye ana kwa ana.

Iliyofuata ilihusu mwenzako anapozama. Bango la zamani lilikataza kumfuata majini, na katazo hilo ni la haki, maana anayezama humng'ang'ania anayemwokoa wakazama wote wawili. Lakini mtoto anayemwona rafiki yake akihangaika hawezi kusimama bila kufanya lolote. Tukaandika: "Piga kelele. Rusha dumu. Baki nchi kavu." Dumu tupu la plastiki huelea na kumshikilia mtu, ila kwa sharti moja. Katika majaribio uwanjani, watoto wawili walirusha madumu yasiyo na kizibo, ambayo yangejaa maji. Basi mchoro ukaonyesha kizibo kikubwa chekundu, mahali pake. Michoro yote inaonyesha tendo sahihi. Picha ya mtoto anayeogelea iliyopigwa alama ya msalaba humfikishia mtoto kuogelea kwanza, na alama baadaye.

Kanuni ya barabara ilikuwa nyepesi: "Simama. Tazama kulia, kushoto, kulia tena. Vuka ukitembea." Kulia hutangulia kwa sababu Tanzania magari hupita kushoto, hivyo gari lililo karibu na anayeanza kuvuka hutokea kuliani kwake. Rwanda na Burundi, majirani wa mkoa wetu, huendesha kulia, na bango lililonakiliwa kutoka huko lingemgeuzia mtoto uso upande usio na gari. Na asiyejua kulia ni wapi? Mwalimu mmoja alimjibu mwanafunzi wake: "Mkono unaolia wali, mwanangu." Tukachora mkono huo.

Kanuni ya tisa ilihusu mtu anayemshika mtoto mahali pasipostahili. Mabango mengi huandika "Sema hapana, kimbia, toa taarifa." Tumeupindua mpangilio huo. Mtoto aliyeingiwa na hofu mara nyingi huganda, sauti isitoke wala miguu isiende. Akikumbuka baadaye kwamba bango lilimwamuru aseme hapana naye hakusema, hujiona ndiye mkosaji, akanyamaza. Kusimulia kunawezekana hata baada ya siku tatu, hata baada ya mwaka. Kwa hiyo "Simulia" ndilo neno la kwanza na kubwa kuliko yote katika mstari huo, na chini yake imewekwa namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Palizuka hoja nyingine hapo. Bango zima limekwisha kumfundisha mtoto kumwita mkubwa na kumshika mkono, na anayewadhuru watoto kwa kawaida ni mkubwa wanayemfahamu. Neno "mkubwa" halikutosha. Kila mtoto atapewa nakala ndogo ya kupeleka nyumbani, yenye mistari miwili mitupu ambayo ataijaza mwenyewe kwa majina ya watu anaowaamini. Walimu wamekubali kwamba jina moja kati ya hayo liwe la mtu asiyeishi nyumbani kwa mtoto wala asiyefundisha madrasa.