Shamba Lililokatwa na Ukingo wa Ramani

Mashamba mengi ya vijijini nchini Kenya yamo kwenye ramani za usajili zilizochorwa karatasi moja moja, aghalabu kwa skeli ya 1:2500. Nyingi zilichorwa kwa kufuata nyua zilizoonekana katika picha za ndege zilizokuzwa bila kurekebishwa. Penye tambarare hilo halikudhuru sana, lakini milimani skeli hubadilika ndani ya karatasi ile ile. Ndiyo maana karatasi mbili jirani zikiskaniwa na kuwekwa pamoja kwenye kompyuta, mistari yake haikutani.

Kwanza kila karatasi hufungwa kwenye mahali pake halisi, kwa kutumia njia panda, makutano ya mito na nyua za zamani zinazoonekana pia katika picha ya angani iliyorekebishwa. Pointi hizo zisirundikwe katikati. Ziwepo pia karibu na kingo, kwa kuwa huko ndiko kwenye kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shamba namba 412 limekatwa na ukingo. Kipande cha karatasi ya kwanza kina hekta 0.48, cha pili hekta 0.69, na kati yao pamebaki pengo. Jumla ni hekta 1.17, ilhali daftari la ardhi linasema 1.20. Upungufu ni mita za mraba 300. Ukingo unapita shambani kwa urefu wa mita 100, na pengo lina upana wa mita 3, yaani milimita 1.2 tu kwenye karatasi. Hesabu inakubali: ukanda ule ni wa 412, vipande viunganishwe.

Mambo huwa magumu pale ukingo wa karatasi unapokuwa ndio mpaka wa majirani wawili. Ukivuta mstari wa upande mmoja ukutane na mwingine, umempa mtu mita 3 kwa kubofya kipanya. Hapo hutazamwa ua ulipo kwenye picha, na ukubwa wa mashamba yote mawili hulinganishwa na daftari.

Kisha kuna namba. Huenda 412 iligawanywa zamani ikawa 1187 na 1188, lakini mchoraji akasahihisha karatasi moja tu. Programu itaona mashamba matatu mahali pa mawili. Jibu limo katika fomu ya mgawanyo na daftari: namba iliyofungwa huondolewa, na mstari wa mgawanyo huendelezwa hadi karatasi ya pili. Namba mpya haibuniwi mezani. Tena kila namba iandikwe pamoja na jina la eneo lake la usajili, maana 412 hurudiwa katika maeneo mengi.

Tabaka hilo likishakamilika hupendeza macho, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaichukulia ramani kuwa inaonyesha mipaka ya kukadiria tu, isipokuwa pale daftari linaposema mpaka umepimwa na kuthibitishwa. Kuunganisha karatasi hakubadilishi hilo.