Kai Mraba: Uhusiano wa Kweli au Bahati Tu?

Jaribio la kai mraba hutumika pale ambapo watu au vitu vimegawanywa kwa sifa mbili, na mtafiti anataka kujua kama sifa hizo zinahusiana au kila moja inakwenda kivyake. Sifa zenyewe ni za makundi, si za vipimo: ana au hana, mjini au kijijini, amechanjwa au hajachanjwa. Kinachohesabiwa ni idadi ya waliomo katika kila kundi. Swali linabaki lile lile siku zote: tofauti inayoonekana kwenye jedwali ni kubwa kiasi cha kutufanya tushuku uhusiano, au ni ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta?

Mfano mzuri ulitoka Uganda. Mwaka 1954, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo ya vipimo vya damu vya watoto 290 wa Kiganda kutoka maeneo ya Kampala. Alitaka kujua kama watoto wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja hupata vimelea vya malaria kwa kiwango tofauti na wenzao. Mtoto wa namna hiyo ni mbebaji tu, haugui ugonjwa wenyewe wa selimundu. Hesabu zilikuwa hivi:

| | Wenye vimelea | Wasio na vimelea | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wabebaji | 12 | 31 | 43 |
| Wasio wabebaji | 113 | 134 | 247 |
| Jumla | 125 | 165 | 290 |

Kwa asilimia, wabebaji waliokutwa na vimelea walikuwa 27.9, na wasio wabebaji 45.7. Pengo linaonekana kwa macho. Lakini wabebaji walikuwa 43 tu, na kundi dogo huyumba kirahisi: watoto wachache wakihama kisanduku kimoja kwenda kingine, asilimia inabadilika sana. Ndiyo maana macho hayatoshi.

Jaribio huanza na dhana ambayo mtafiti anataka kuipima, kwamba sifa hizi mbili hazihusiani hata kidogo. Dhana hii haihitaji kuaminiwa. Kazi yake ni kutupa hesabu za kulinganishia, ambazo huitwa idadi tarajiwa. Katika watoto wote 290, waliokuwa na vimelea ni 125, yaani asilimia 43.1. Ikiwa selimundu haina lolote la kufanya na malaria, asilimia hiyo hiyo ingepaswa kuonekana kwa wabebaji na kwa wasio wabebaji. Asilimia 43.1 ya wabebaji 43 ni watoto 18.53. Hiyo ndiyo idadi tarajiwa ya kisanduku cha kwanza, na njia ya mkato ya kuipata ni kuzidisha jumla ya safu mlalo kwa jumla ya safu wima, kisha kugawanya kwa jumla kuu: 43 × 125 ÷ 290.

Hakuna mtoto 0.53, na hesabu hii haidai kuwa yupo. Idadi tarajiwa ni wastani ambao ungepatikana kama upimaji ungerudiwa mara nyingi katika hali ya kutokuwa na uhusiano, kwa hiyo desimali zake zisikatwe. Kwa njia hiyo hiyo, wabebaji wasio na vimelea wanatarajiwa kuwa 24.47, wasio wabebaji wenye vimelea 106.47, na wasio wabebaji wasio na vimelea 140.53. Ukijumlisha safu za idadi tarajiwa unapata 43, 247, 125 na 165 zile zile. Jumla zisipolingana, kuna kosa la hesabu mahali fulani.

Hatua inayofuata ni kupima umbali kati ya kilichoonekana na kilichotarajiwa. Katika kisanduku cha kwanza walionekana 12 badala ya 18.53, yaani pungufu ya 6.53. Tofauti hiyo hupigwa mraba ili alama za kutoa na kujumlisha zisifutane, kisha hugawanywa kwa idadi tarajiwa yenyewe. Kugawanya huko kuna sababu: upungufu wa watoto 6.53 ni mkubwa mahali palipotarajiwa 18, lakini ni mdogo mahali palipotarajiwa 140. Visanduku vinne vinatoa 2.30, 1.75, 0.40 na 0.30. Jumla yake ni takriban 4.75, na hiyo ndiyo thamani ya kai mraba. Ingekuwa sifuri kama kila kisanduku kingelingana kikamilifu na kilivyotarajiwa, nayo hupanda kadiri jedwali linavyokwenda mbali na dhana ya kutohusiana.

Je, 4.75 ni kubwa? Jibu linategemea digrii za uhuru, yaani visanduku vingapi vinaweza kubadilika bila kulazimishwa na vingine. Chukua jedwali la Allison, acha jumla zote za pembeni, futa hesabu za ndani. Ukiandika 12 katika kisanduku cha kwanza, cha pili lazima kiwe 31, kwa sababu wabebaji ni 43. Cha chini yake lazima kiwe 113, kwa sababu wenye vimelea ni 125. Cha mwisho hakina budi kuwa 134. Kisanduku kimoja tu ndicho kilichokuwa huru, kwa hiyo digrii ya uhuru ni 1. Ndiyo sababu pia tofauti ya 6.53 inajitokeza katika visanduku vyote vinne: ni tofauti moja inayosomwa mara nne. Kwa jedwali lolote, digrii za uhuru ni idadi ya safu mlalo ukitoa moja, mara idadi ya safu wima ukitoa moja. Jedwali lenye safu tatu kwa nne lina digrii 6.

Jambo hili liliwatatiza hata waasisi. Karl Pearson, Mwingereza aliyelitoa jaribio la kai mraba mwaka 1900, alihesabu digrii 3 kwa jedwali la mbili kwa mbili, kwa hoja kwamba kinachofungwa ni jumla kuu peke yake. Mwaka 1922, Ronald Fisher alionyesha kwamba idadi tarajiwa zinakokotolewa kutokana na jumla za pembeni, hivyo nazo zinafunga jedwali, na inabaki digrii 1. Mabishano yao yalikuwa makali, na hayakuwa ya maneno matupu. Kwa digrii 1, bahati peke yake huvuka 3.84 mara 5 tu katika 100. Kwa digrii 3, mpaka huo ni 7.81. Kwa mpaka wa Fisher, 4.75 ya watoto wa Kampala inavuka. Kwa ule wa Pearson ingebaki chini kabisa, na ushahidi wa Allison ungeonekana kuwa dhaifu.

Kompyuta hutoa jibu kwa namna nyingine, kwa thamani ya p. Hapa ni takriban 0.03. Maana yake ni hii: kama selimundu na vimelea visingehusiana, jedwali lililopotoka kiasi hiki au zaidi lingetokea takriban mara 3 katika kila upimaji 100 kwa bahati tu. Kwa kuwa hilo ni nadra kuliko kiwango cha 0.05 kilichozoeleka, dhana ya kutohusiana inakataliwa. Hapa wengi huteleza. Namba 0.03 haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa uhusiano haupo, wala kwamba uhusiano ni wa kweli kwa asilimia 97. Inahesabiwa kwa kuanza na sharti kwamba uhusiano haupo, kwa hiyo haiwezi yenyewe kutoa uwezekano wa sharti hilo.

Kai mraba haisemi pia uhusiano unaelekea wapi. Kama wabebaji ndio wangezidi kwa vimelea kwa kiasi hicho hicho, thamani ingebaki 4.75. Mwelekeo husomwa kwenye visanduku: walitarajiwa wabebaji 18.53 wenye vimelea, wakaonekana 12, kwa hiyo wabebaji wana vimelea kwa nadra zaidi.

Wala haipimi nguvu ya uhusiano. Watoto wangekuwa mara kumi, kwa asilimia zile zile, kai mraba ingekuwa 47.5. Wangekuwa nusu, ingekuwa takriban 2.4, chini ya mpaka, na dhana isingekataliwa. Pengo la 27.9 na 45.7 lingekuwa lile lile mara zote. Kwa hiyo matokeo yasiyovuka mpaka huandikwa kwamba ushahidi haukutosha, si kwamba imethibitika hakuna uhusiano. Na ukubwa wa pengo hutajwa kwa asilimia zenyewe.

Suala la chanzo ni gumu zaidi. Jedwali linaonyesha kwamba vinasaba na vimelea vinaandamana, lakini halijui kwa nini. Umri ungeweza kuingilia kati: kiwango cha vimelea hubadilika mtoto anavyokua, na kama wabebaji wangetokea kuwa wa rika tofauti, pengo lingeweza kutokana na umri. Kwa kuwa watoto wote walikuwa Waganda wa eneo moja, tofauti za makabila na mazingira zilipunguzwa, ingawa hazikwisha zote. Hoja kwamba vinasaba hivyo hukinga ilipata nguvu kwa ushahidi wa aina nyingine uliofuata, zikiwamo tafiti za Kilifi, pwani ya Kenya, zilizoonyesha kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali.

Jaribio lina masharti yake, na yakivunjwa namba hutoka zikiwa safi lakini za uongo. La kwanza ni kwamba visandukuni huingia hesabu za watu, si asilimia. Mtu akiweka 27.9 na 72.1 juu, 45.7 na 54.3 chini, anapata kai mraba ya takriban 6.8, kana kwamba wabebaji waliopimwa walikuwa 100 badala ya 43. La pili ni kwamba kila mtoto ahesabiwe mara moja na asimwakilishe mwingine. Ndugu wa nyumba moja hurithi vinasaba kwa wazazi wale wale na huumwa na mbu wale wale, hivyo watoto watano wa familia moja si ushahidi wa watu watano kamili. La tatu linahusu idadi tarajiwa: zikiwa ndogo, hasa chini ya 5, mpaka wa 3.84 hauaminiki tena, na badala yake hutumika jaribio kamilifu la Fisher. Kinachoangaliwa hapo ni idadi tarajiwa, si iliyoonekana. Kwa Allison, ndogo kuliko zote ilikuwa 18.53, kwa hiyo sharti lilitimia.

Hitimisho kamili la jedwali hili lingeandikwa hivi: katika watoto 290 wa Kiganda, vimelea vya malaria vilionekana kwa asilimia 27.9 ya wabebaji wa vinasaba vya selimundu na asilimia 45.7 ya wasio wabebaji, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inayoelezeka kirahisi kwa bahati (kai mraba 4.75, digrii ya uhuru 1, p takriban 0.03), nao upimaji huu peke yake hauthibitishi kwamba vinasaba ndivyo vilivyoleta tofauti.