Asilimia ya Mfanano Kabla ya Jalada Gumu

Mwanafunzi akiona ripoti ya Turnitin imeandika asilimia 34, huingiwa na hofu kwamba ameitwa mwizi. Mfumo huo haujui wizi. Unalinganisha maandishi na yale yaliyomo kwenye hifadhi yake, kisha unapaka rangi yanayofanana.

Tuchukue tasnifu ya maneno 20,000. Asilimia 34 ni maneno 6,800. Ukiifungua ripoti, unakuta 2,400 ni orodha ya marejeleo, ambayo lazima ifanane na za wengine. Mengine 2,800 yanatoka kwenye rasimu ya mwanafunzi mwenyewe, iliyopimwa mapema na kuachwa ihifadhiwe humo. Msimamizi akiondoa vyote viwili katika hesabu, inabaki asilimia 8.

Hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Maneno 1,600 yaliyotawanyika vipande vifupi vifupi kwa kawaida ni istilahi na majina ya taasisi. Lakini 900 yakiwa yametoka chanzo kimoja, yamefuatana katika sura ya pili bila alama za kunukuu, hilo ni kosa la kweli hata kama jumla iko chini ya kiwango cha chuo. Kubadilisha neno mojamoja hakuliponyi. Aya iandikwe upya na chanzo kitajwe.

Fanya haya kabla ya kwenda kwa fundi wa jalada. Aya ikiandikwa upya kurasa husogea, yaliyomo hubadilika, na nakala ya maktaba inapaswa kulingana kabisa na faili ya PDF inayokabidhiwa.