Cheti cha utumishi Ujerumani: Maneno matamu, alama ndogo

Katika soko la ajira la Ujerumani, karatasi moja inaweza kupandisha au kushusha thamani ya mfanyakazi bila yeye mwenyewe kujua. Karatasi hiyo ni cheti cha utumishi, ambacho Wajerumani hukiita "Arbeitszeugnis". Mwajiri mpya hukisoma kama mfanyabiashara asomavyo hesabu za mwaka za kampuni: hatazami mapambo, anatafuta neno lililokosekana.

Chanzo cha fumbo hilo ni sheria yenyewe. Mwajiri anatakiwa kuandika ukweli, lakini pia aandike kwa nia njema, asimzibie njia mtu anayetafuta kazi. Kwa kuwa hawezi kuandika waziwazi kwamba mtu alikuwa mzembe, lugha ya sifa zenye vipimo ilizaliwa. Kifungu cha 109 cha sheria ya biashara kinakataza maneno yenye maana iliyofichwa, lakini ngazi ya sifa inajulikana na mahakama zenyewe huitumia.

Ngazi hiyo inafuata alama za shule za Ujerumani, ambako 1 ndiyo bora na 6 ndiyo mbaya. Kipimo kiko kwenye sentensi inayotaja kuridhika, "Zufriedenheit". Aliyefanya kazi "stets zu unserer vollsten Zufriedenheit", yaani daima kwa kuturidhisha kupita kiasi, amepata 1. Ikiandikwa "stets zu unserer vollen Zufriedenheit", ni 2. Likiondolewa neno "stets", yaani daima, alama ni 3. Likiondolewa na "vollen", yaani kamili, ni 4. Na aliyeandikiwa kwamba alijitahidi, "hat sich bemüht", ameandikiwa kwamba alishindwa.

Chukua mfano wa karani wa ghala aliyefanya kazi miaka minne katika kampuni ndogo ya kuagiza kahawa mjini Hamburg. Cheti chake kinasema alitekeleza kazi alizopewa "zu unserer Zufriedenheit", na kwamba tabia yake kwa wenzake na wakubwa wake haikuwa na dosari. Yeye anafurahi. Msomaji mzoefu anaona alama 4, na tena anaona wenzake wametangulizwa mbele ya wakubwa, dalili kwamba huenda hakuelewana na bosi. Mwishoni hakuna shukrani wala kutakiwa heri.

Hata hivyo, si kila upungufu ni hila. Mwenye duka au kampuni ndogo anaweza kuandika hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu tu haijui ngazi hiyo. Njia ya kutambua ni kusoma cheti chote: kama majukumu yameelezwa kwa urefu na sifa nyingine ni za juu, huenda sentensi hiyo moja ni kosa la mwandishi.

Karani huyo hana haja ya kugombana. Hatua ya kwanza ni barua fupi kwa mwajiri wa zamani, ikitaja sentensi inayobishaniwa, maneno anayopendekeza badala yake, na muda wa kujibu, tuseme wiki mbili au tatu. Waajiri wengi hupenda kuletewa rasimu iliyo tayari. Asiyepewa cheti kabisa aombe "qualifiziertes Zeugnis", yaani kile kinachoeleza utendaji na tabia, kwani bila kuomba hivyo anaweza kupewa kinachotaja aina ya kazi na muda tu.

Akikataliwa, ipo mahakama ya kazi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani ilishikilia kwamba alama 3 ndiyo ya kati. Mwajiri anayetoa chini ya hapo lazima athibitishe. Mfanyakazi anayedai zaidi ya hapo ndiye atoe ushahidi. Kwa hiyo neno "vollen" karani analidai akiwa na nguvu. Akitaka na "stets", alete kumbukumbu za hesabu ya mali zinazoonyesha ghala halikuwa na upotevu.

Shukrani za mwisho ni jambo jingine. Mahakama hiyo ilisema mwaka 2012, na tena mwaka 2022, kwamba mwajiri halazimiki kuziandika. Lakini mwaka 2023 iliamua kwamba akishaziandika, hawezi kuzifuta kwa sababu tu mfanyakazi ameomba marekebisho.

Gharama nazo zipigiwe hesabu. Katika ngazi ya kwanza ya mahakama ya kazi, kila upande hulipa wakili wake hata ukishinda. Na muda hauko upande wa anayesubiri: mikataba mingi ina kifungu kinachoua madai yasiyotolewa mapema, mara nyingi ndani ya miezi mitatu. Barua ya wiki ya kwanza ni rahisi kuliko wakili wa mwezi wa nne.